Si Kila Nguo Ing'aayo Ni Hariri

Mchuuzi wa nguo atandazapo turubai lake hapa Busi, katika wilaya ya Kondoa, majina mawili husikika kuliko mengine yote: pamba na hariri. Kitambaa kisicho na mng'ao huitwa pamba, na kila king'aacho huitwa hariri. Tumeona mara nyingi ya kuwa majina haya hayatoki katika nyuzi za nguo, bali hutoka katika bei ambayo mchuuzi angependa kuipata. Twasema hivi bila kumdharau mtu, maana aghalabu mchuuzi mwenyewe amenunua mzigo wake kwa jora au kwa robota, na yule aliyemwuzia alimwambia maneno yale yale. Kwa hiyo mnunuzi hubaki na macho yake na vidole vyake, na habari hii yahusu namna ya kuvitumia.

Nyuzi zinazotufikia kwa wingi ni za namna tano. Pamba hutoka katika tunda la mmea, nayo kila mtu aijua. Sufu ni manyoya ya kondoo. Hariri hutoka kinywani mwa kiwavi wa nondo alaye majani ya mforosadi. Kiwavi huyo hujizungushia uzi mmoja usiokatika, ambao huweza kupita mita 600 kwa urefu. Viskosi, ambayo wengine huiita rayoni, hutokana na miti: mbao husagwa zikawa rojo, rojo ikayeyushwa kwa dawa, kisha ikasukumwa katika vitundu vyembamba sana na kuganda kuwa nyuzi. Ufundi huo ulivumbuliwa Uingereza mwaka 1892. Poliesta haina mmea wala mnyama, kwani hutengenezwa kwa mafuta yachimbwayo ardhini. Nayo ilivumbuliwa Uingereza, mwaka 1941, na wazee wetu waliijua kwanza kwa majina ya terilini na tetroni.

Wenyeji wa uwanda huu wa kati si wageni katika kazi ya kupima nguo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kupitia Ugogo ilitozwa hongo na watemi, na sehemu kubwa ya hongo hiyo ilikuwa nguo: merikani isiyopaushwa, iliyofumwa Marekani, na kaniki ya rangi ya nili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 mpaka 1865, vilipoikatiza merikani, nguo za Uingereza na za Bombay ziliingia mahali pake, na mtu aliyepokea hongo ilimpasa kuzichungua upya. Lakini kazi yake ilikuwa nyepesi kuliko yetu kwa jambo moja. Nguo zile karibu zote zilikuwa za pamba. Alipima uzito, upana na ukaribu wa nyuzi. Hakuwa na haja ya kuuliza uzi wenyewe ni kitu gani. Sisi leo hapana budi tuulize hilo kwanza.

Tuanze na mng'ao, kwa kuwa ndio udanganyao watu wengi. Maji ya bwawa yaliyotulia hurudisha mwanga wa jua kwa pamoja, yakawaka kama kioo. Upepo ukiyachafua, mwanga hutawanyika na mng'ao ukapotea. Uzi nao ni hivyo hivyo. Unyuzi mmoja wa pamba ni mfupi, kwa kawaida sentimita mbili na nusu au tatu tu, tena umejisokota wenyewe. Maelfu yakifungwa pamoja kuwa uzi, ncha zake hutokeza nje kama vinyweleo, na mwanga hutawanyika. Unyuzi wa sufu umejipinda, na juu yake una magamba madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Hariri ni ndefu na laini, na unyuzi wake una pande tatu, ndiyo sababu mng'ao wake hubadilika kila uigeuzapo. Poliesta na viskosi hufanywa ndefu au fupi, zing'aazo au zisizong'aa, kama atakavyo mwenye kiwanda.

Hapo watu wengi hupotea. Husikia neno satini wakadhani ni jina la uzi, kumbe satini ni namna ya kufuma. Mfumaji huuacha uzi urukeruke juu ya nyuzi kadhaa kabla hajauzamisha chini, na kwa kuwa nyuzi ndefu zimelala juu bila kukatizwa, kitambaa hung'aa upande mmoja na kufifia upande wa nyuma. Satini yaweza kuwa ya hariri, ya viskosi, ya poliesta, hata ya pamba. Kadhalika pamba yenyewe huweza kung'arishwa kwa kulowekwa katika magadi makali, ufundi uliotokana na ugunduzi wa Mwingereza John Mercer wa mwaka 1844. Kwa hiyo mtu asemaye, "Inang'aa, basi ni hariri," na mtu asemaye, "Haing'ai, basi si ya plastiki," wote wawili hawajajua kitu bado. Inafaa kuutazama mng'ao ni wa namna gani, si kuwapo kwake tu.

Na tuchukue mfano. Tulipata kuletewa vitambaa vitatu vyekundu, vyote vimeuzwa kwa jina la hariri. Cha kwanza kilikuwa kipande cha jora jipya, kilichonunuliwa kwa ajili ya vazi la bibi harusi. Cha pili kilikuwa gauni la mitumba, refu na zito. Cha tatu kilikuwa mtandio wa mitumba, mwembamba, ambao mwenye nao aliununua kwa bei ndogo kuliko vile viwili, kwa kuwa ulikuwa na doa pembeni na mchuuzi hakuujali.

Tulivitazama mlangoni, mahali penye mwanga wa kutwa usio wa jua kali, tukivigeuzageuza polepole. Kitambaa cha jora kilitoa mng'ao mweupe na mkali, wa namna moja kila upande, mfano wa bati jipya. Hata ndani ya makunjo mng'ao ule ulikuwa ni ule ule. Gauni lilikuwa na mng'ao wa chini zaidi, kama kitu kilichopakwa mafuta, na rangi yake ilionekana nzito na kukolea. Mtandio ulikuwa na tabia yake. Ukiuinamisha kidogo, wekundu wake ulikwenda ukielekea weusi mahali pengine na kung'aa mahali pengine, na palipokunjwa palikuwa na mwanga mlaini usioumiza macho.

Kisha tukavigusa, si kwa ncha za vidole tu, ambazo kwa mtu wa jembe huwa ngumu, bali kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Vyote vitatu vilikuwa baridi kwanza. Mtandio ulipata joto la mwili upesi, ukabaki mkavu juu ya ngozi. Tulipousugua karibu na sikio ulitoa sauti ndogo kama ya mtu akanyagaye majani makavu kwa mbali. Gauni lilibaki na ubaridi wake kitambo zaidi, nalo lilianguka mkononi kwa uzito, kama kwamba lilikuwa na maji. Kitambaa cha jora kiliteleza mno, na baada ya dakika chache mahali kilipolala pakawa na unyevu wa jasho usiokwenda popote.

Tulivifumbata ngumini, kila kimoja mpaka tukahesabu thelathini, kisha tukavifungua. Kitambaa cha jora kilijikunjua mara moja, kama hakikuguswa. Mtandio ulikuwa na mikunjo myepesi, nayo mingi ilipotea tulipoutundika. Gauni lilibaki na makunyanzi mengi, na saa moja baadaye yalikuwapo bado.

Hatimaye tulichomoa uzi mmoja mmoja katika pindo la kila kitambaa, tukaulowanisha kwa mate katikati na kuuvuta kwa mikono miwili. Jaribio hili twalipenda kuliko yote, kwa maana halitaki chombo chochote na mchuuzi hawezi kulikasirikia. Uzi wa gauni ulikatika bila kishindo pale pale palipolowa. Huo ndio udhaifu mkubwa wa viskosi: ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Uzi wa mtandio ulivutika kidogo kabla ya kukatika. Uzi wa jora ulinyoosheka, ukatukata vidole, wala maji hayakuongeza wala kupunguza kitu. Basi jora lilikuwa poliesta, gauni lilikuwa viskosi, na mtandio ule wenye doa, uliouzwa kwa bei ya kitambaa cha kufutia vumbi, ndio uliokuwa hariri.

Jambo hili lina maana kwa mfuko wa mtu, lakini si kwa mfuko peke yake. Mwenye gauni la viskosi akilifua kama afuavyo kanga, yaani kwa kulipiga juu ya jiwe na kulikamua kwa nguvu, atalipasua, maana alikamua likiwa katika udhaifu wake. Ilimpasa alioshe kwa kulibonyeza majini, alitoe bila kulisokota, na kulianika pasipo kulivuta. Hata hivyo viskosi nyingi hupungua urefu katika fuo la kwanza. Mwenye hariri naye asiitie magadi wala sabuni kali, wala asiiache juani, kwani jua na jasho huila. Tena wanaume wa Kiislamu, ambao dini yao imewakataza kuvaa hariri, wana sababu yao wenyewe ya kutaka kujua kama kanzu iitwayo ya hariri ni hariri kweli. Katika zile tulizoonyeshwa sisi, zote zilikuwa poliesta.

Sasa tuje kwenye pamba na poliesta, ambazo ndizo tunazovaa kila siku. Pamba ikifuliwa mara mbili au tatu huwa na uso wa vinyweleo hafifu, hupata joto la mkono kwa upole, na ikifumbatwa hubaki na makunyanzi makali. Kanga mpya haifai kupimwa kwa ugumu wake, maana kiwanda huitia wanga ili isimame, na wanga huo huisha katika maji. Wengine husema, "Hii ni nzito, ni pamba tupu," kumbe uzito ule ni wanga. Sugua pembe moja kati ya vidole juu ya nguo nyeusi: unga mweupe ukidondoka, uzito huo usiulipie.

Tofauti kubwa yaonekana nguo ikivaliwa. Katika hewa ya kawaida, kilo moja ya pamba kavu huweza kushika maji ya gramu 80 hivi ndani ya nyuzi zake, na mvaaji asijue. Kilo moja ya poliesta hushika gramu nne tu. Mtu apandapo mlima akiwa na shati la pamba, jasho lake huingia katika nguo, nguo ikawa nzito, na upepo ukiipitia yeye hupoa. Akiwa na shati la poliesta, jasho halina pa kuingia. Hubaki juu ya ngozi au hutambaa kati ya nyuzi, na shati hushikamana na mgongo. Kwa upande mwingine shati hilo likifuliwa jioni litakuwa limekauka kabla ya kulala, nalo halitaki pasi. Hatuwezi kumlaumu mzazi mwenye watoto wanne wa shule na sare moja kwa kila mtoto akilichagua. Ila ajue kwamba poliesta hushika mafuta ya jasho kuliko pamba, na harufu ya kwapa huweza kurudi katika nguo iliyotoka kufuliwa, mara tu ipatapo joto la mwili. Ajue pia kwamba nguo ya poliesta iliyosokotwa kwa nyuzi fupi hufanya vitonge vidogo vidogo mahali pasuguliwapo, kwapani na penye mkoba, na vitonge hivyo havidondoki kwa sababu nyuzi zinazovishika ni imara mno.

Uwanda huu una kipimo kimoja ambacho watu wa pwani hawanacho kwa urahisi. Tangu mwezi wa sita mpaka wa kumi hewa yetu ni kavu sana. Katika siku hizo mtu akivua shati la poliesta gizani husikia mlio kama wa chumvi motoni, na pengine huona vimulimuli vya cheche. Sketi hushikamana na miguu, na vumbi jekundu hung'ang'ania pindo hata likipukutwa. Huo ni umeme wa kusuguana. Nguo yenye unyevu ndani yake huuachia umeme huo uende zake, na kwa kuwa poliesta haina unyevu, umeme hukaa. Pamba na viskosi hazina desturi hii. Sufu na hariri huweza kuifanya kidogo katika ukame, kwa hiyo mlio peke yake si ushahidi kamili. Lakini kitambaa chembamba cha sare, au gauni jepesi, likilia hivyo, si pamba tupu.

Twasema "pamba tupu" kwa makusudi, maana nguo nyingi zaidi ni mchanganyiko. Kitambaa cha mashati na sare mara nyingi huwa na sehemu 65 za poliesta na 35 za pamba, zilizosokotwa katika uzi mmoja. Kitambaa hicho hunywa tone la maji, lakini polepole. Hukunjika ngumini, lakini makunyanzi hulegea. Jibu la kati na kati namna hiyo aghalabu lina maana ya mchanganyiko, wala vidole vya mtu havitamwambia hesabu yake. Nalo jaribio la tone la maji lataka uangalifu. Juu ya pamba iliyofuliwa tone huenea na kuzama mara moja. Juu ya pamba mpya yenye wanga au nta huweza kukaa kitambo likiwa duara, na juu ya poliesta fulani, zilizotiwa dawa ya kuvuta jasho, huenea haraka kama juu ya pamba. Lifanye juu ya nguo iliyokwisha kufuliwa, au usiliamini.

Sufu haina maneno mengi, kwa kuwa hatuioni sana. Hutujia katika makoti na suti za mitumba, na katika mablanketi machache. Mng'ao wake ni mdogo na wa ndani. Mguso wake una uchangamfu, yaani ukiibana hukurudishia, na ikiwa nene huwasha shingo. Ikifumbatwa hujikunjua yenyewe kama poliesta, lakini tofauti ni kwamba sufu hupata joto mara iguswapo, na poliesta huteleza. Manyunyu ya mvua hukaa juu yake kama umande juu ya jani la yungiyungi, ingawa ndani ya nyuzi zake huweza kupokea mvuke hata karibu na theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajajiona amelowa. Na ipokeapo mvuke hutoa joto kidogo. Ndiyo maana mchungaji mwenye koti la sufu asubuhi ya mwezi wa saba hana baridi kama mwenzake aliyevaa jaketi la namna nyingine lenye unene ule ule. Koti hilo likifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, magamba ya nyuzi hushikana, nalo hurudi likiwa la mtoto. Sweta nyingi ziitwazo sufu ni za akriliki, ambayo ni jamaa ya poliesta kwa asili yake. Nazo ni nyepesi, hazina uchangamfu ule, na baada ya majira mawili hulegea viwiko.

Ikiwa mtu hajaridhika kwa macho na mikono, kuna moto. Usichome pembe ya nguo sokoni. Chomoa nyuzi chache pindoni, na kwa kitambaa kilichofumwa uzichomoe za urefu na za mapana mbali mbali, kwa maana pengine za urefu ni pamba na za mapana ni poliesta. Zisokote ziwe kama utambi, uzishike kwa koleo au kibanio cha chuma, si kwa vidole, juu ya sahani yenye mchanga, nje ya nyumba, na maji yawe karibu. Zisogeze polepole kutoka ubavuni mwa mwali.

Pamba huwaka mara moja, kwa mwali wa manjano, na ukiuzima hubaki kaa jekundu linalotambaa. Harufu yake ni ya karatasi iunguayo, na majivu yake ni mepesi ya kijivu, yakiguswa huwa vumbi. Viskosi hufanya hayo hayo, kwa sababu pamba na miti mwili wake ni mmoja. Kwa hiyo moto hauwezi kuzitenga, na hapo ni lazima kurudi kwenye uzi uliolowanishwa. Sufu na hariri hazipendi kuwaka. Hujikunja zikiukimbia mwali, huzimika zikiondolewa, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na huacha tone jeusi livunjikalo vidoleni. Sufu hunuka zaidi. Poliesta hunywea kabla mwali haujaigusa, kisha huyeyuka, hudondoka, hutoa moshi mweusi wenye harufu ya utamu usiopendeza, na huacha shanga ngumu ambayo kidole hakiwezi kuisaga. Mchanganyiko wa pamba na poliesta huacha majivu yenye punje ngumu ndani yake.

Lile jora jekundu tulilolitaja liliisha hivyo. Mwenye nalo alilirudisha kwa mchuuzi pamoja na shanga nyeusi ndani ya karatasi na nyuzi nyingine za kuchoma mbele yake. Mchuuzi alizichoma mwenyewe, akatazama, akasema kwamba naye aliambiwa ni hariri. Alikubali kushusha bei ikawa ile ya poliesta, na vazi likashonwa. Kwa sherehe ya siku moja lilifaa vizuri, nalo halikukunjika.

Kuyeyuka huko kwa poliesta kuna jambo la mwisho, na zito kuliko bei. Nyuzi hizo huwa maji kwenye joto la nyuzi 250 na kitu za sentigredi. Pasi ya mkaa haina kipimo, nayo ikikolea hupita hapo kwa urahisi. Kwanza kitambaa hutoa mng'ao mbaya usioondoka, kisha hushika bati la pasi. Lakini hatari iliyo kubwa iko jikoni. Mpishi huinama juu ya mafiga siku nzima, na ncha ya mtandio au kanga hupita karibu na kuni. Pamba ikishika moto huwaka upesi, nayo ni hatari, wala tusiifanye nguo ya salama. Ila huungua ikawa majivu. Poliesta pengine huchelewa kushika, lakini ikishika hugeuka uji wa moto unaoganda juu ya ngozi na kuendelea kuichoma. Mchanganyiko wa pamba na poliesta una ubaya wa zote mbili, kwa kuwa pamba huwa kama utambi na poliesta iliyoyeyuka huwa kama mafuta ya taa hiyo. Viskosi nyembamba ni kama pamba, au kasi zaidi. Sufu ndiyo izimikayo yenyewe upesi, ingawa hatujaona mpishi wa Busi avaaye sufu mwezi wa kumi na moja.

Kwa kazi ya jikoni, basi, twachagua pamba nzito iliyofumwa kwa karibu, isiyo na ncha zinazoning'inia, na mtandio wenye kuteleza uvuliwe kabla ya kuinama. Nguo ikimshika mtu moto, mlaze chini na umfunike kwa blanketi zito la sufu au la pamba mpaka mwali ufe, kisha mmwagie maji baridi safi mahali palipoungua kwa dakika 20. Nguo iliyolegea ivuliwe. Iliyoganda juu ya ngozi isibanduliwe, kwa maana itakuja na ngozi. Ikatwe kuzunguka kidonda, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe kwenye zahanati vivyo hivyo.